Kahawa Mbichi Mlangoni

Msimu mmoja wa senene, wale panzi wa kuliwa, kule Kishanda, bibi alitugawia kwa kikombe, akatuambia tunyonyoe mabawa kwanza ndipo tule. Mimi nilikula na mabawa. Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alipanga wake kwenye jani la mgomba: wa kijani huku, wa kahawia kule. Bibi akamwongeza. Senene wenyewe siku hizi wamepungua, lakini hilo tuliache. Tangu siku hiyo sikuipenda ile tabia yake ya kupanga.

Basi tukakua, wakati wa Mwingereza, chama chetu cha kahawa huko Muleba kikatafuta karani. Tulitumwa mimi naye Bukoba kwenye kozi. Mwalimu, Mzungu, alisema kwao kuna vyuo vya biashara ambako mwanafunzi hupewa habari za duka lililokwama, asimame aeleze: hali ikoje, sababu ni nini, njia ziko zipi, na yeye anashauri ipi. Nasi tukapewa habari za chama chetu wenyewe: kahawa yetu ilikuwa ikirudishwa kwa sababu ya unyevu. Tungeeleza ghalani kwetu, mbele ya wazee na mwalimu mwenyewe, na mmoja angepewa kazi.

Nikatangulia. Nilianza na ushauri, nikarudi kwenye mvua, nikawatukana walanguzi, nikasahau nilikotoka. Wazee walicheka vizuri, mmoja akaniambia ningefaa harusini.

Akasimama ndugu yangu, na shati lake jeupe. Hali: magunia yanarudi. Sababu: si uvivu, kwani ya mlimani halikurudi hata gunia moja, inayorudi ni ya bondeni, ambako jua linachelewa, na ghalani hakuna anayeipima kabla ya kuipokea. Njia tatu: kuikataa mlangoni, lakini ataichukua mlanguzi; kuipokea kwa bei ya chini, lakini itaoza pamoja na nzuri; au kujenga vichanja vya kuanikia hapa ghalani, lakini ni kazi na miti. Hata mapengo ya kila njia aliyasema.

Kisha akainamisha kichwa. Mwenyekiti wa chama alikuwa baba mkwe wake, na shamba la mzee huyo lilikuwa bondeni. "Waitu, waheshimiwa, nimemaliza. Wazee mtachagua."

Nikafurahi, nisiseme uongo. Kwetu hiyo ndiyo adabu, ila kwa mwalimu kazi isiyo na ushauri ilikuwa nusu.

"Wewe unashauri ipi?" mwalimu akamuuliza.

Akageuka kumtazama baba mkwe wake, nami nikaanza kujiona karani.

"Vichanja," akasema. "Kila wa bondeni alete miti, tumalize kabla ya mavuno. Vikishasimama, kahawa mbichi isipite mlango huu. Hata ya tata mkwe."

"Huyu ataweza kunikatalia," mwenyekiti akawaambia wenzake. "Mpeni ufunguo."

Walipokuwa wakimpa mkono nikasema natoka kidogo kujisaidia. Nikapita nyuma ya ghala, nikashika njia ya ziwani hadi penye mitumbwi ya kwenda kisiwa cha Goziba, nikapanda, na ghala lile sijaliona tena.