Vikanyagio Viwili vya Kushoto

Kazini walimwita Mama Usumbufu, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Mwaka alioajiriwa, msimamizi alitangaza shindano la kutunga sentensi ya kuombea radhi wateja, naye akashinda kwa hii: "Mpendwa mteja, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi." Walimpa chupa ya chai na makofi. Sentensi ikaingizwa kwenye mfumo. Tangu siku hiyo, mtoa huduma yeyote akipiga mkwaju, ile alama ya / kwenye kibodi, na kuandika "pole", inachomoka nzima nzima, imenyooka kama suruali ya mwanajeshi.

Watu walisikitikiwa kwa sentensi hiyo walipoletewa birika badala ya pasi, walipoletewa pasi iliyoungua, na walipokuwa hawajaletewa chochote. Haikuchagua wala haikuchoka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba haikufanya kazi yoyote. Lakini kasoro hiyo hata wakubwa wengi wanayo na wanapewa magari.

Duka lenyewe halikuwa na mlango wala kaunta. Liliuza vitu vya nyumbani na vya wagonjwa kwa mtandao, na mteja mwenye shida aliandika ujumbe. Mama Usumbufu alikaa dirishani, mbele ya kompyuta yenye vijisanduku vinne vya mazungumzo vilivyowaka kwa pamoja, huku saa nyekundu ikimhesabia. Mkono wake ulikuwa umezoea. Jicho linadaka neno moja, kidole kinapiga mkwaju, jibu limekwenda.

Jumanne asubuhi jicho lilidaka "kikanyagio hakiingii". Kidole kikajibu: "Mpendwa mteja, tafadhali hakikisha umefuata maelekezo ya kuunganisha bidhaa yako."

"Nimefuata, dada," mteja akaandika. "Kiti cha magurudumu cha baba. Vikanyagio vyote viwili ni vya kushoto. Nimeweka picha. Mguu wake uliovunjika ni wa kulia na Alhamisi anatoka hospitali."

Kwenye vijisanduku vya pembeni kulikuwa na bibi mmoja anayelalamikia feni, na mwingine aliyetaka kujua kama friji inakuja na barafu. Kidole kikapiga mkwaju, "pole".

"Naomba kuongea na mtu," mteja akaandika.

"Unaongea na mtoa huduma wetu. Je, kuna jambo lingine tunaloweza kukusaidia?"

Kimya. Kimya kikizidi, mfumo unaruhusu kufunga, naye akafunga, akaweka alama ya "limetatuliwa". Mteja alipoulizwa atoe maoni, aliandika maneno mawili: "Asante, roboti."

Mama Usumbufu alicheka. Akamgeuzia kioo jirani yake wa dawati, jamaa waliyemwita Breki kwa jinsi alivyochapa polepole, ili naye acheke. Breki alisoma mazungumzo yote tangu juu, maana ndivyo alivyo, hana namna nyingine ya kusoma.

"Sasa huyu mzee ataweka wapi mguu?" akauliza.

"Mguu gani?"

"Wa kulia. Si amekuandikia hapa?"

Mama Usumbufu alikodoa macho. Kweli, lilikuwa limeandikwa. Kabla hajasema kitu, msimamizi akapita akipiga makofi, akasema mezani kwao ndiko kulikofungwa mazungumzo mengi kuliko kote asubuhi hiyo, wengine waige. Sifa zile zilimkaa kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji, na siku ikasonga na vijisanduku vyake.

Jioni, binti yake wa darasa la tatu alimjia jikoni ameshika shavu. "Mama, jino linauma."

"Pole kwa usumbufu, mwanangu, nimekusikia, tunalifanyia kazi," mama akajibu, macho kwenye sufuria.

Mume wake, aliyekuwa akimenya viazi, akaacha kumenya. "Na namba ya kumbukumbu utampa, au asubiri ujumbe kwenye simu?"

Mtoto akacheka, kisha akakumbuka jino, akalia. Mama Usumbufu aliweka mwiko chini, akapiga magoti, akamwambia fungua mdomo. Jino la nyuma lilikuwa limetoboka, ufizi umevimba. Aliuliza limeanza lini. Mtoto akasema tangu juzi, na juzi nilikwambia, ukasema sawa.

"Ulisema sawa," mume akathibitisha. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Walimpa mtoto dawa ya maumivu, mume akaahidi kumpeleka kwa daktari asubuhi, wakaketi kula. Kila alipotazama miguu ya meza aliona mguu wa mzee asiyemjua, wa kulia, umening'inia hewani.

Jumatano aliwahi kufika kuliko mfagiaji. Aliyafungua upya mazungumzo yale na kusoma tangu mwanzo, kwa mwendo wa Breki. Kila kitu kilikuwapo: namba ya oda, picha, siku ya kutoka hospitali, hata ombi lenyewe, kwamba waletewe cha kulia tu kwa sababu kiti ni kizima. Yule mteja alikuwa ameshafanya nusu ya kazi ya ofisi. Picha ilionyesha vikanyagio viwili sakafuni vikielekea upande mmoja, kama ndugu wawili waliomnunia mtu wa tatu.

Akaandika, safari hii bila mkwaju: "Kaka yangu mpendwa, moyo wangu umejaa huzuni isiyo na kifani. Usiku kucha nimemfikiria mzee wetu na maumivu anayopitia. Naomba upokee radhi zangu za dhati kutoka ndani kabisa ya nafsi yangu..."

Breki, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua koti, alisoma juu ya bega lake. "Unamposa?"

"Naomba radhi."

"Naona. Kikanyagio kiko wapi humu?"

Alikitafuta kikanyagio kwenye aya yake. Hakikuwapo. Kulikuwa na moyo, nafsi na huzuni, kila kiungo isipokuwa mguu. Alikuwa ameacha sentensi moja isiyofanya kazi na kuandika tatu zisizofanya kazi, tena zenye kumwomba mteja amhurumie yeye.

Akaifuta yote. Akaacha kuandika, akashika simu. Ilikuwa haifai kumwambia mtu neno kabla hajajua atamfanyia nini.

Mtunza ghala alipokea akitafuna. "Utaratibu, mama, kiti kirudi chote, kikaguliwe, ndipo tutume kingine. Wiki mbili hivi."

"Mzee atakaa juu ya utaratibu?"

"Mimi sikutunga."

"Najua, baba. Sikia. Kama sanduku moja limepata vya kushoto viwili, si kuna lingine limepata vya kulia viwili?"

Kutafuna kukakoma. "Lazima," akasema kwa shingo upande. "Ngoja."

Alisikia masanduku yakiburutwa na mtu akilaani gundi. Mtunza ghala aliporudi alikuwa amechangamka. Vya kulia viwili vilikuwa kwenye sanduku la tatu, na kumbe kuna mteja mwingine angeletewa msiba huo huo mchana. Dereva wa mzunguko wa leo alikuwa bado hajatoka. Kilichobaki ni ruhusa ya msimamizi ya kutuma kipande bila kurudisha kiti.

Msimamizi alimsikiliza akitazama skrini yake. "Hilo si lilifungwa jana? Limetatuliwa."

"Nililifunga mimi. Halikutatuliwa."

"Ukilifungua linakuharibia alama."

"Acha liharibu."

"Na mashine ya ubora inayotoa alama inataka 'Mpendwa mteja' na 'usumbufu'. Sentensi yako mwenyewe hiyo, Mama."

"Ndiyo. Ndiyo maana naijua."

Msimamizi alimtazama kama mtu aliyeona kiti chake kikiongea, kisha akabonyeza ruhusa, kwa kuwa kubonyeza kulikuwa kwepesi kuliko kubishana.

Ndipo akaandika:

"Kaka, ni mimi niliyekujibu jana. Sikusoma ulichoandika, na nikafunga mazungumzo huku baba hana pa kuweka mguu. Kosa ni langu, samahani. Picha nimeiona: umepewa vya kushoto viwili. Kiti usikifungue wala usikirudishe. Cha kulia kimepatikana na kinatoka leo na dereva wetu, atakupigia akiwa njiani na atachukua kile cha ziada. Kisipofika leo, niandikie hapa hapa, natafuta mwenyewe. Swali moja tu: akuletee nyumbani au hospitali?"

Breki alisoma polepole. "Hapa sasa hata mimi najua nifanye nini," akasema, akarudi kwa mteja wake wa birika.

Jibu lilichelewa. Kisha likaja:

"Nyumbani. Wametutoa jana jioni, kitanda kilikuwa kinahitajika. Tulimfunga mguu na shuka kwenye kiti, ikalegea mlangoni."

Aliisoma mara mbili. Kwenye orodha ya majibu ya tayari kulikuwa na jibu la bidhaa kuvunjika, la kuchelewa, la rangi isiyofanana na picha. Hakuna la mlango. Akaandika neno moja.

"Ameumia?"

"Kidole gumba kimechubuka, na bandeji imelowa damu kidogo. Muuguzi wa mtaani amekuja kuangalia, mfupa haukuguswa. Alipiga kelele lakini. Baba huwa hapigi kelele."

Mama Usumbufu alitoa mikono kwenye kibodi, akaikalia. Angejibu jana asubuhi, kikanyagio kingekuwa kimeshafika kabla mzee hajafika mlangoni. Hesabu hiyo haikuhitaji mashine ya ubora. Alitaka sana kuomba radhi tena, na tena, hadi yule mtu aseme basi imekwisha, lakini aliona kwamba hiyo ingekuwa kazi nyingine anampa. Akaandika: "Nimesikia. Namwambia dereva aanze na nyinyi." Akapiga simu, dereva akaanza na wao.

Mchana ujumbe ukaingia. "Kimefika. Kimeingia. Mguu umekaa."

Halafu mwingine: "Baba aliuliza nani ametuma. Nikamwambia yule roboti wa jana kumbe ni mama mmoja. Akasema mama huyo afukuzwe."

Ukaingia wa tatu:

"Nimemsomea ulichoandika leo. Sasa anasema asifukuzwe, ila asome."

Breki alicheka hadi akagonga meza. Mama Usumbufu hakucheka. Aliandika, "Mwambie baba nitasoma. Na kidole, nitauliza kesho." Mashine ya ubora ilikuwa imeshayapa mazungumzo yale alama ndogo kuliko zote mwezi huo, kwa kukosa "usumbufu", na kitufe cha kufungia kilikuwa kinawaka, kikimngoja. Hakukibonyeza. Alikiacha kijisanduku wazi pembeni, akahamia kwa bibi wa feni, aliyekuwa ameandika tena leo, akaanza kumsoma tangu salamu.