Tiki Nne Kati ya Nane

Nina ubaya mmoja: nikijua jambo kidogo, nalisema kama hakimu.

Wakati huo nilikuwa na steshenari Kariakoo, chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitenge, kompyuta mbili na mashine ya fotokopi iliyopenda kumeza karatasi. Wateja wangu wengi walikuwa watu wa kutafuta ajira. Niliwaandikia barua na wasifu, nikaskani vyeti, nikatuma. Wengi waliomba kazi za serikali, na kule hakuna mjadala: ukikosa cheti kilichotajwa, huitwi kwenye usaili. Nimeona machozi ya kutosha. Nikajiwekea utaratibu wangu. Mteja akileta tangazo, nalichapa, nachukua kalamu nyekundu, kila sifa aliyonayo naitia tiki. Tiki zikiwa chache, namrudisha nyumbani. Watu walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Dada mmoja alikuja asubuhi ya Ijumaa. Tulikuwa tunafahamiana kwa salamu tu. Miaka tisa alikuwa ameshika stoo ya duka la jumla la vitenge mtaa wa pili, na sasa mzee mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, alikuwa anafunga ili awafuate wanawe ng'ambo. Dada alibakiwa na wiki mbili. Asipopata kazi, angerudi Masasi na mwanawe wa darasa la saba, katikati ya mwaka wa mtihani.

Tangazo lilikuwa la kampuni binafsi iliyotaka mtunza ghala. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi jioni ile ile. Nilimwandikia wasifu, na kusema kweli ulipendeza. Hata barua nilikuwa nimeshaimaliza. Aliniambia anavyohakikisha mzigo ulioingia kwanza unatoka kwanza, na anavyojua jora limepungua kabla hata ya kuhesabu. Nikaandika yote. Kisha nikachukua kalamu.

Uzoefu, tiki. Kiingereza cha kuelewana, tiki. Kompyuta, tiki, maana alikuwa akijaza orodha za mzee. Cheti cha kidato cha nne, tiki. Stashahada ya ugavi, hana. Usajili wa bodi ya ugavi, hana. Leseni ya udereva, hana. Programu fulani ya ghala, hata jina lake hakulijua.

"Nne kati ya nane, dada."

"Kwa hiyo nisitume?"

"Nusu, dada yangu. Unajichosha bure."

Alilichukua lile tangazo. Akaweka kidole mstari wa chini kabisa, akasema taratibu, "Lakini hapa wanasema aliyewahi kushika ghala atapewa kipaumbele."

"Hayo huwa wanaandika tu," nikamjibu. Nilikuwa nimeshageukia mteja mwingine.

Akakunja tangazo, akaaga vizuri, akaondoka. Barua ikabaki kwenye kompyuta, tayari kutumwa.

Mwezi uliofuata kijana mmoja aliingia kutoa kopi ya mkataba. Nikauona: kampuni ile ile, cheo kile kile. Nikampongeza, nikamuuliza kama alikuwa na sifa zote.

"Wapi, bro! Mimi nilikuwa na tatu tu, cheti cha kidato cha nne, kompyuta na Kiingereza. Nilituma kwa simu, liwalo na liwe. Stoo yenyewe sijawahi hata kuingia." Akacheka. "Kwenye usaili bosi alisema walikuwa wanamtafuta mtu aliyeshika ghala, hayo mengine wangemfundisha. Mtu wa hivyo hakuomba hata mmoja. Sasa wananifundisha mimi kila kitu."

Alipotoka nilifungua faili la yule dada na kusoma barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Kila walichokitaka kilikuwamo. Tangu siku hiyo kalamu nyekundu sikuigusa, na mteja akija na nusu ya sifa namuuliza kwanza ni zipi za lazima kabisa, na ni zipi mwajiri anaziota tu. Lakini hilo halinisaidii usingizini. Namwona ameweka kidole kwenye mstari ule wa chini.

Namba yake ilikuwa juu ya wasifu. Ilinichukua wiki nzima kuipiga.

Alipokea kutoka Masasi, akafurahi kusikia sauti yangu. Mwanawe amehama shule, alisema, hajazoea bado. Yeye anamsaidia kaka yake kwenye mikorosho. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kila kitu na kumwomba radhi. Akaniwahi.

"Kaka, nikuulize jambo," akasema. "Ile kazi ya ghala. Aliyeipata alikuwa nazo zote nane?"

Nje mkokoteni ulikuwa unapita, watu wakipiga kelele za kupishana. Nilisubiri upite.

"Zote, dada."

"Afadhali," akasema, na nikamsikia akishusha pumzi. "Maana nimekuwa nikijilaumu, nasema labda ningekubishia."