Waliokuwa Mbali Hawakunyamaza

Waringa alikuwa mtu wa shughuli za watu. Mtaani kwao Waithaka kukiwa na harusi au msiba, hawaanzi kabla hajafika. Siku za kazi alikuwa karani katika ofisi moja mjini inayotazama bustani ya Jeevanjee, na huko ndiko alikojifunza kuendesha kikao ambacho wengine wako chumbani na wengine kwenye mtandao. Bosi wake alikuwa na washirika Kampala. Yeye ndiye aliyewaunganisha kila wiki.

Dada yake Nyokabi alipofariki, mwaka 2009, bosi akampa ufunguo wa chumba cha mikutano. Jumapili baada ya ibada ukoo ukapanda ngazi. Mbuthia, mume wa marehemu, aliketi karibu na dirisha, kofia magotini.

Watoto wao wawili walikuwa ng'ambo. Norman alikuwa London, Anita Minnesota. Anita alikuwa amempigia Waringa simu asubuhi ile, akimwita Tata, kama kwao wanavyomwita dada wa mama.

"Tata, nimepata ndege. Wasimzike mama kabla sijafika. Nataka kumwona uso."

"Utasema mwenyewe kikaoni," Waringa akamwambia. "Nitahakikisha umesikika."

Hilo ndilo alilobeba moyoni alipokuwa akiweka kompyuta mezani. Maikrofoni aliiweka katikati. Spika akazisogeza mwisho wa meza, mbali na maikrofoni, maana zikikaribiana sauti ya mtu humrudia mwenyewe kama anayepiga kelele kisimani. Akaita kwa Skype. Norman akaitika, kisha Anita.

"Kwanza sikieni," Waringa akasema. "Hawatuoni, wanatusikia tu. Ukitaka kusema, taja jina lako. Mmoja kwa wakati mmoja. Ukiwa kule nyuma, sogea mezani. Tukifika kwenye uamuzi, tunawauliza wao kwanza. Na laini ikikatika, tunasimama. Isiporudi, watanipigia simu yangu."

"Hii mashine yako iko na sheria mingi kuliko kanisa," akasema Gichuru, binamu wa Mbuthia. "Hata chai tutaomba ruhusa?"

"Chai kunywa. Kijiko tu usigonge karibu na maikrofoni."

Watu wakacheka kidogo. Macharia hakucheka. Alikuwa kaka mkubwa wa Mbuthia na mwenyekiti wa kikao, na mchungaji alikuwa amemwahidi kuongoza mazishi Alhamisi.

"Tuombe," akasema.

Wakainamisha vichwa. Kule kwa Norman gari la polisi likapita na king'ora, chumba kizima kikajaa. Mama mmoja akafumbua macho kwa hasira. Waringa akanyoosha mkono haraka, akashusha sauti ya spika mpaka chini kabisa. Aibu ikamwishia.

Amina ilipoitikiwa, Macharia hakupumzika. Alizungumzia mahema na magari ya kubeba watu. Waringa akafungua ukurasa kwenye kompyuta ileile, akawa anaandika kumbukumbu. Ukurasa ukafunika Skype yote. Aliandika mbio, kwani Macharia hakuwa na nukta.

"Na siku ni Alhamisi," Macharia akasema. "Mchungaji yuko. Kaburi litachimbwa Jumatano. Kuna mtu ana neno?"

Chumba kikanyamaza.

"Walio mbali pia, nawauliza. Anita? Norman?"

Kimya. Macharia akasubiri kama mtu anayehesabu kondoo.

"Kwetu anayenyamaza amekubali. Imepita."

Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Mtu akatafuta koti lake. Macharia tayari alikuwa na simu sikioni kumwambia mchungaji. Waringa akashangaa. Anita, kunyamaza? Mtoto yule aliyemlilia asubuhi?

Akasogeza ukurasa wake pembeni. Nyuma yake maneno yalikuwa yamejaa.

*Tata mnatusikia?*

*Sikubali Alhamisi.*

*Tata, nasema hatukubali!!*

*Tata mbona hujibu*

Akatazama kitufe cha sauti. Kilikuwa chini palepale alipokiacha wakati wa maombi. Wao walikuwa wanasikia kila kitu. Walikuwa wanamsikia Macharia akiwazika pamoja na mama yao.

"Mwenyekiti," akaita.

Macharia akainua kiganja. Bado yuko kwa simu.

"Mzee Macharia! Kata hiyo simu."

Macharia akaishusha taratibu.

"Waringa, unaniambia mimi hivyo?"

"Nakuomba. Kikao hakijaisha. Hawakunyamaza. Ni mimi nilifunga sauti tukiomba, nikasahau kuifungua. Wamekuwa wakisema, sisi hatusikii."

"Sasa tuanze upya kwa sababu ya kidole chako?"

"Ndiyo. Ni kosa langu. Lakini si wao wa kulilipa."

"Watu wametoka mbali, Waringa. Kuna wa kurudi Murang'a leo."

"Anita ndiye ametoka mbali zaidi, na bado hajafika," Gichuru akasema, akaketi. Mmoja mmoja, wengine nao wakaketi.

Waringa akampa mke wa Gichuru kalamu na karatasi. "Wewe andika. Mimi nitaangalia laini peke yake." Kisha akapandisha sauti.

Kilio kikatoka kwanza. Halafu wote wawili wakasema pamoja, maneno yakavurugika.

"Pole, wanangu. Mmoja mmoja. Anita, anza."

"Ni Anita. Baba Mkubwa, sijakataa kwa ubishi. Niko na tiketi. Nitafika—"

Sauti ikakatika. Skype ikatoa mlio ule wa kukata laini, kukawa kimya.

"Basi," Macharia akasema. "Hata Mungu ameonyesha. Tuendelee."

"Hatuendelei." Waringa akaivuta kompyuta mbele yake. "Tulisema ikikatika tunasimama."

"Mpaka lini?"

Waringa akabonyeza kuita tena. Ikazunguka tu, haikushika. Watu walimtazama. Mbuthia peke yake alitazama nje. Waringa akaiweka simu yake juu ya meza. Haikulia. Macharia akafunika kalamu yake, akaitia mfukoni.

Simu ikalia.

Akaipokea kwa sauti ya juu, akaisukuma karibu na maikrofoni, ili Norman naye asikie laini ya Skype ikirudi. "Anita, tunakusikia. Rudia. Utafika lini?"

"Ijumaa asubuhi, Tata."

"Anasema Ijumaa asubuhi," Waringa akarudia kwa sauti, ili walio nyuma wasikie. Skype nayo ikashika, Norman akaitika. "Norman, Anita atafika Ijumaa asubuhi. Wewe unasemaje?"

"Ni Norman. Mimi sitaweza kuja. Lakini msimzike kabla Anita hajamwona. Mama amngoje Anita."

Macharia akamgeukia ndugu yake.

"Mbuthia. Mke ni wako."

Mbuthia aliigeuzageuza kofia mikononi.

"Jumamosi," akasema.

"Mchungaji Jumamosi hayuko."

"Kuna wachungaji wengi. Anita ni mmoja."

Waringa hakuacha neno lielee hivyo. "Wa mbali kwanza. Anita, Jumamosi?" Ndiyo. "Norman?" Ndiyo. Akazunguka meza kwa majina mpaka akafika kwa mwenyekiti.

"Ndiyo," Macharia akasema mwishowe. Akachukua simu yake, akatoka hadi kwenye ujia. Walimsikia akianza, "Mchungaji, nisamehe, nilikimbia mbele ya watu..."

Watu walipoanza kushuka ngazi, Mbuthia alibaki. Waringa akataka kukata laini. Mzee akatikisa kichwa.

"Shemeji, huyu mtoto bado ananisikia?"

"Anakusikia. Sema tu hapa."

Akainuka akaja mezani, akaketi kwenye kiti cha Waringa.

"Anita," akasema. "Umekula?"

Waringa akatoka, akaurudisha mlango polepole.