Dakika Mbili za Sinki

Namalwa hakuwa mtu wa kubembeleza wateja. Kwenye saluni ya mtaa wa Hurlingham alikosuka kwa miaka kumi na mmoja, wenzake walimwita kila anayeingia "mpenzi" na kumuuliza habari za watoto; yeye alishika kichwa, akakiinamisha alivyotaka, akaanza kazi. Kichwa kikicheza alikirudisha mahali pake kwa kofi dogo la shingoni. Na bado walimpangia foleni. Walitoka Kileleshwa, walitoka mpaka Uthiru alikoishi mwenyewe, kwa ajili ya mkono wake tu. Mistari yake ilikuwa midogo, imenyooka, imekaza, na ilikaa wiki sita bila kulegea. Anayelalamika kwamba kichwa kinauma aliambiwa anunue dawa ya maumivu akalale. Walicheka, na wiki iliyofuata walileta dada zao.

Kiti chake kilikuwa kile cha dirishani, ambacho watu wa barabarani wanakiona. Hakikukaliwa na mtu mwingine, hata yeye akiwa likizo.

Kisha mwenye saluni, Shiko, akaleta chupa mbili. Moja ilikuwa shampoo ya kafeini, nyingine seramu ya peptidi ya kudondosha kichwani tone kwa tone. Akabandika ukutani karatasi iliyosema nywele za mbele zilizonyonyoka zitarudi kwa wiki kumi na mbili. Shampoo ilitakiwa ikae kichwani dakika mbili kabla ya kusuuzwa, na Shiko alitangaza kwamba atakayeharibia wateja mpango huo kwa haraka zake atamwachia mwingine kiti. Alipokuwa akisema hivyo alimtazama Namalwa. Hawakuwa wanapendana, na hakuna aliyejisumbua kuficha.

Mkono wenye povu haushiki simu. Kwa hiyo Namalwa alipima muda kwa njia yake: alisali Baba Yetu mara nne, polepole, midomo ikichezacheza, huku akisugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole. Alikwisha kuangalia saa ya ukutani mara nyingi. Sala nne zilizidi dakika mbili kidogo.

Jumanne moja asubuhi mwanamke aitwaye Wangu akaingia bila kusalimia mtu. Wangu alifanya kazi kwenye ofisi ya bima, alikaa Kileleshwa, na alikuwa mteja wa Namalwa kwa miaka tisa. Alisimama katikati ya saluni, akavua kitambaa. Paji la uso lilikuwa limepanda juu mpaka aibu. Wiki kumi na mbili zilikuwa zimekwisha, na hakuna hata unywele mmoja uliorudi.

Shiko hakungoja aulizwe.

"Mama Ryan," alimwambia Namalwa, "wewe ndio ulikuwa unamwosha. Hiyo shampoo ilikuwa inakaa dakika mbili, ama ulikuwa unakimbia upate kichwa ingine?"

Namalwa aliona mchezo wote. Msichana huyu, mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, alikuwa anatafuta mtu wa kubebeshwa zigo, na kiti cha dirishani kilikuwa njiani kuondoka. Damu ilimpanda kichwani. Alimwita Peres, anayeosha kwenye sinki la pili, akamwambia aseme alichokuwa akikiona kila wiki. Peres akasema, bila kupenda sana kuingizwa, kwamba Mama Ryan huwa anasali mara nne kwa kila kichwa na haruki hata neno.

Hapo Namalwa akageuza kibao. Alikwenda kabatini akatoa boksi la seramu, akamsukumia Shiko kifuani. Boksi lilisema seramu ipakwe kwenye ngozi safi na iachwe hapo, isisuuzwe. Nani aliyewaamuru waisuuze kabla ya kukausha nywele, eti inazifanya zinate na mashine inanuka? Nani alimwaga pesa za mteja kwenye bomba la maji kwa wiki kumi na mbili? Shiko akajibu kwamba hakuajiri watu wamfundishe kazi. Namalwa akamwambia aanze kwa kujifunza kusoma. Wateja waliokuwa chini ya vikaushio walitoa vichwa nje wasikie vizuri, na Namalwa, tusimsingizie upole, aliona raha. Alikuwa ameshinda.

"Mmemaliza?" Wangu aliuliza.

Alikuwa ametoka kwa daktari wa ngozi jana yake, na alikuwa amemuuliza juu ya hizo dakika zao. Daktari hakucheka. Alimwambia kwamba kafeini imeonekana kupenya kwenye vishimo vya nywele hata shampoo ikikaa dakika mbili tu, kwa hiyo muda huo si hadithi. Lakini kuingia ni kitu kimoja na kuotesha ni kingine. Kafeini nyingi huenda na maji, na utafiti uliopo ni mdogo, mwingine umelipiwa na wauzaji wenyewe, tena zaidi ni juu ya wanaume wenye upara wa kurithi. Peptidi nazo ni vipande vikubwa vya protini ambavyo ngozi huvipitisha kwa shida hata vikiachwa siku nzima. Kuvisuuza ni kuvitupa, na hata visiposuuzwa ushahidi wake ni haba.

"Halafu akawacha hizo maneno ya chupa," Wangu alisema. "Akashika hapa mbele, akaniuliza kitu moja tu. Nani anakusuka?"

Wangu akamsogelea Namalwa, akainamisha kichwa kama alivyozoea kukiinamisha. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa laini, inang'aa kama mgongo wa kijiko. Pale vishimo vimekufa, daktari alisema, mizizi imevutwa miaka hadi ikaacha kovu, na hakuna shampoo wala seramu itakayootesha kitu juu ya kovu. Upande wa kulia kulikuwa bado na vinywele vyembamba. Hivyo vingeweza kurudi, ila kwa sharti moja, kwamba visivutwe tena.

Namalwa aliujua upande huo wa kushoto. Ndiko alikokuwa akianzia mstari wa kwanza.

"Wewe ndio ulikuwa unaniambia nikaze," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya dakika tano zilizopita.

"Nilikuambia. Mimi ni mtu mzima." Wangu alikuwa anafunga kitambaa. "Na Valarie? Yeye alikuambia nini?"

Valarie alikuwa binti wa Wangu, wa miaka saba. Jumamosi alikuwa amekaa kwenye kistuli katikati ya magoti ya Namalwa kwa saa tatu, na vinundu vyeupe vilikuwa vimemtoka kwenye paji kabla hata kazi haijaisha. Namalwa aliviona. Alivipaka mafuta.

"Aliniambia inauma," Namalwa alisema.

"Nilimfumua jana," Wangu akasema. "Ndio mara ya kwanza amelala bila kulia."

Akaondoka. Shiko akaenda kubandua ile karatasi ukutani kana kwamba ndiyo iliyokosa.

Mteja wa saa nne, mwanamke wa benki, alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha dirishani. Alisema anataka mistari midogo, na Mama Ryan akaze vile anakazanga. Namalwa akagawanya nywele kwa kitana, akasuka mstari wa kwanza, akauacha ulegee pale kwenye paji. Mteja akajipapasa, akakunja uso mbele ya kioo. Shiko alikuwa anatazama, na yeye na Namalwa walijua ni kiti kinachotazamwa.

"Kaza, mama."

"Sikazi," Namalwa alisema. "Unataka kukazwa, tafuta mwingine."

Mwanamke akainuka na mkoba wake, akahamia kwa Peres. Namalwa akakaa mwenyewe kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani, akamsikia Peres nyuma yake akimwambia mtu ainamishe kichwa.