Damu Iliyohamia Kushoto

Maumivu yalianza kwenye paja la kulia, juu kidogo ya goti. Nashona nguo kwa cherehani ya kukanyaga, kwa hiyo nikasema ni pedali, nikaendelea na sare za kwaya nilizokuwa nimeagizwa. Kabla ya hapo nilikuwa na jipu dogo kiunoni. Lilipasuka, likakauka, nikalisahau. Kisha homa ikanishika. Nilikunywa dawa ya malaria, homa ikabaki palepale. Paja likawa gumu kama ubao, ila ngozi yake haikuwa na wekundu wowote wala hapakuwa na mahali palipolainika, na mimi niliyekuwa natetemeka chini ya blanketi mchana wa jua sikufikiria kumwonyesha mtu mguu.

Mume wangu, fundi wa gari-moshi, alinipeleka kliniki moja ya binafsi. Daktari wa pale alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala. Walinitoa damu, mashine ikahesabu. Chembe nyeupe zilikuwa elfu sitini na nne, wakati za mtu mzima mwenye afya zinaishia kwenye elfu kumi hivi. Alimwita mume wangu nje, lakini mlango wa chumba kile ulikuwa pazia tu.

“Papa, hii njo leukemia,” nilimsikia akisema. “Kansa ya damu. Hapa kwetu dawa yake hatuna. Labda Kinshasa. Kama hamuwezi, mumurudishe nyumbani, akae na watoto wake.”

Mume wangu hakuuliza swali. Alirudi ndani, akanishika mkono, akaninyanyua, na njia nzima hakunitazama usoni. Tulipewa vidonge vya maumivu, basi. Hakuna aliyeligusa paja langu.

Nyumbani watu walianza kuja kukaa. Walikaa kama watu wanavyokaa kwenye matanga, isipokuwa marehemu alikuwa anawasikia. Mama mkwe alikuja kutoka Niemba akawachukua watoto wangu watatu. “Wazoee,” alisema, na hakueleza wazoee nini. Wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Alibebwa mgongoni mwa bibi yake akiwa amelala, na jioni ile maziwa yakanijaa hadi blauzi ikalowa, nami sikuwa na wa kumpa. Siku nyingine wifi yangu alifungua sanduku langu chumbani humohumo nilimolala. Alikunjua vitenge kimoja kimoja, akavipima kwa macho, akavikunja tena katika mafungu. Nilitaka kumwambia kile cha ndege wa buluu nilikuwa bado sijakishona. Nilikuwa nimekubali kufa, na mtu aliyekubali kufa anaona haya kudai kitenge.

Dada yangu mkubwa alifika kutoka Mpala kwa mtumbwi wa mota. Alisikiliza, akalia, kisha akasema lazima tujaribu Kinshasa, hata kama ni kuuza shamba la mihogo. Ili kupelekwa huko tulihitaji karatasi ya uhamisho kutoka hospitali kubwa. Hicho tu ndicho tulichokwenda kutafuta.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Alisoma karatasi ya kliniki, akaiweka mezani.

“Nani aliangalia damu hii kwenye mikroskopu?”

Dada alisema hatujui. Tulionyeshwa namba tu.

“Namba peke yake haitoshi, mama. Siwezi kusaini mugonjwa aende Kinshasa juu ya namba.”

Alinilaza, akagusa tumbo langu chini ya mbavu za kushoto, akitafuta bandama. Akauliza kama nimetokwa damu kwenye fizi, kama nina michubuko nisiyojua ilikotoka. Hapana. Akashuka miguuni. Alipobonyeza paja nilipiga kelele iliyomfanya dada asimame. Mtu wa labo alichukua tone la damu kidoleni, akalitandaza kwenye kioo, akalipaka rangi, na daktari akaenda kuangalia pamoja naye. Walikawia sana. Dada alikuwa anasali kwa sauti ya chini, mimi nilikuwa nahesabu vigae vya paa vilivyopasuka.

Aliporudi aliketi kitandani kwangu.

“Mama, sikiliza vizuri. Katika kansa kali ya damu, ningekuta chembe changa kabisa zimejaa, zile ambazo kwa kawaida hazitoki ndani ya mifupa. Kwako sikuona hata moja. Nyingi zimekomaa, zinazofuata zimekaribia kukomaa, halafu chache ni changa zaidi. Mifupa inazalisha haraka mpaka inatoa hata zile ambazo hazijawa tayari. Sisi tunasema damu imehamia kushoto, kwa sababu zamani kwenye karatasi chembe changa ziliandikwa upande wa kushoto. Na ndani ya chembe zenyewe kuna punje nzito za rangi ya zambarau iliyoiva, na vitobo vidogo. Hiyo ni alama ya maambukizi makali. Mwili wako unapigana na kitu.”

“Si kansa?” dada aliuliza.

“Kuna kansa moja ya polepole inayoweza kufanana na hii, njo maana nimetafuta bandama. Haikuvimba, na chembe zingine tunazozikuta kwa wingi katika ile kansa ziko kidogo sana. Mimi naamini ni usaha katika muguu. Tutautoa. Hesabu ikishuka, tutakuwa tumejua. Isiposhuka, nitawaambia bila kuficha.”

Ekografi, ile picha ya mawimbi ya sauti, ilionyesha ziwa la usaha katikati ya msuli, ndani sana, ndiyo maana ngozi ilikaa kimya. Walinipasua siku hiyohiyo. Usaha ulijaza beseni. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, sumu ingeingia kwenye damu yote. Nilipewa antibiotiki kwa mshipa, homa ikashuka, na kila walipopima, chembe zilikuwa zimepungua: elfu thelathini, kumi na tano, tisa. Waliangalia kioo tena. Punje zile nzito zilikuwa zimeondoka.

Mume wangu alikuja na wifi kunitazama. Wifi alikuwa amevaa kitenge changu cha ndege wa buluu, kimeshonwa vizuri, na mikono ya kisasa. Aliona nilivyokitazama. Alivuta shali juu ya kifua.

“Mungu ni mwema,” alisema.

Mume wangu alitazama dirisha. “Daktari wa kwanza alisema vile,” alisema. “Mimi ningefanya nini?”

“Ungeniuliza ninaumwa wapi,” nilimwambia.

Nilipoweza kutembea nilikwenda kliniki. Kijana yule alinikumbuka, rangi ikamtoka. Nilimweleza yote. Alisema namba ilikuwa kubwa mno, hajawahi kuiona, na rangi ya kupaka vioo ilikuwa imekwisha. Alisema nilikuwa na bahati nzuri. Nilingoja neno moja zaidi. Mgonjwa mwingine aliitwa, nikatoka.

Watoto wawili wakubwa walirudi wakikimbia. Wa mwisho alishika nguo ya bibi yake, na nilipomchukua alilia mpaka akatapika. Nilimwekea titi mdomoni. Alilisukuma kwa kiganja. Maziwa yalikuwa yamekauka hata hivyo.

Bado naishi na mume wangu, na bado nashona, ingawa mguu unachoka mapema. Nguo za wifi sishoni. Siku hizi nikiumwa simwambii mtu. Nikisikia joto mwilini nakwenda hospitali peke yangu, natoa damu, naketi kwenye benchi hadi waangalie kioo, kisha narudi kupika.