Bega la Baba wa Bibi Harusi

Nilipokuwa nikiandika na kuchapa karatasi za watu katika duka dogo la Mbarara, wateja wetu wengi walitoka kambi ya jeshi iliyokuwa karibu. Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini. Mama yangu alibaki Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, akilima mahindi, nami nilikwenda kumwona Jumapili nilipopata nauli.

Siku moja alikuja mke wa askari. Binti yake alikuwa anafanyiwa kuhingira, sherehe ya kumtoa nyumbani kwao kwenda kwa mume, na alitaka ratiba yenye picha ya baba mtu. Baba alikuwa kazini ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, na ruhusa alinyimwa. Alituma picha kwa simu: amesimama kwenye migomba, amevaa sare yake ya mabaka ya kijani.

"Amesema ile mahali isionekane," mama yule aliniambia. "Toa migomba yote. Yeye abaki, na maneno ya baba izunguke yeye."

Nilimwambia si kazi kubwa. Nilikuwa nimeifanya kwa maharusi wengi: unaweka picha ndani ya waraka kwenye kompyuta, unaamuru mandhari ya nyuma iondolewe, mashine inapaka zambarau kila inachokusudia kukitoa.

Nilipoamuru, zambarau ilifunika migomba, ikafunika na kofia, na bega la kushoto, na ubavu wote mpaka kiunoni. Mashine haikuweza kumtenga mtu na majani. Sare ile ilishonwa kwa kazi hiyohiyo.

Nikachukua kalamu ya kubakiza, nikapiga mstari begani. Bega likarudi, na mgomba ukarudi nalo. Nikachukua kalamu ya kuondoa, nikagusa mgomba. Ukaenda, na bega likaenda. Mama alivuta kiti akakaa karibu yangu, na kila bega liliporudi alisema taratibu, "Hapo, hapo," kama anayemwongoza mtu kupita mlangoni.

Mwishowe nilikubali mabadiliko ili tuone ukurasa ulivyo. Maandishi nilikuwa nimeyapanga yabane umbo la picha, na yakafanya kama yalivyoamriwa. Upande wa kulia yalifuata mkono wake vizuri. Upande wa kushoto yalikuta uwazi, yakaingia. Mstari unaosema "baba anamkabidhi binti yake" ulipita pale ubavu ulipopaswa kuwa, ukaenda kukoma karibu na vifungo vya shati.

Mama alinyoosha kidole, akakigusa kioo pale pale.

Nilibadilisha haraka, maandishi yakae kwa mraba. Yakarudi nyuma, yakajipanga wima kando ya ukingo wa picha nzima, maana boksi lake halikupungua hata migomba ilipoondoka. Nikarudisha kubana, nikavuta vile vidoti vya mpaka wa maandishi, kimoja kimoja, mpaka maneno yakatoka ubavuni. Lakini kuyasukuma maneno hakukumrudishia bega. Pakabaki peupe tu.

"Tukate, tubakize uso," nikasema.

Nilimwonyesha. Uso ulitoka safi, ila bila kofia, juu ya karatasi nyeupe.

"Hapana. Hii ni picha ya kutangaza mtu amekufa."

"Basi tuache migomba, Mama. Nani atajua ni fasi gani?"

"Yeye amekataza." Akaitazama simu mkononi. "Tangu atume hii, simu yake haiingii."

Nilianza upya, nikakuza picha mpaka ikawa miraba, nikapiga mistari mifupi ukingoni mwa bega, nikijua haitafaa. Yeye alijua pia. Tuliendelea hivyo mpaka mwenye duka akaja kusema kuna wengine wanangoja.

Ratiba tuliichapa bila picha. Mama alisema jina la mumewe liwe kwa herufi nene, nikafanya hivyo. Alizibeba karatasi kifuani zisikunjike, akanishukuru, na sikumwona tena. Wale wa kambini walihamishwa mara kwa mara. Kama mumewe alirudi, sijui.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia mama yangu Nakivale. Alikuwa anapukuchua mahindi. Aliniuliza migomba ile ilionekana namna gani.

"Ya kutunzwa," nikasema. "Majani makavu yamekatwa, na nyuma kuna ukuta wa udongo."

"Na benye nyumba beko wapi?"

"Wenye nyumba picha haikuwaonyesha, Mama."

Akaendelea kupukuchua. Nikakaa chini, nikachukua gunzi, nikamsaidia.