Kibao Nyuma ya Friza

Fahali wa mahari ya Mseti alikuwa ameshauzwa Butiama. Ndiyo maana Dorotea hakuweza kufurahi alipoingia kwenye stoo ya Burito, pale Manyamanyama mjini Bunda, akaiona friza nyeupe ikinguruma na barafu imetanda ndani.

Mseti alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Walikuwa wamekubaliana: fedha za fahali zitanunua friza, friza itatunza sato anaowauza Dorotea huko Kigera, Musoma, na faida itamrudishia Mseti ng'ombe kabla wakwe hawajamchoka. Ulikuwa mwaka wa kwanza bidhaa za nje kurudi madukani baada ya ukame mrefu wa rafu tupu, na watu walinunua kana kwamba mlango ungefungwa tena kesho.

"Yupo mteja mwingine anakuja na gari," Burito alisema. "Mimi siwalazimishi."

"Shemeji, plagi yenyewe ni ya kwetu," Mseti alinong'ona. "Inaingia ukutani. Unatafuta nini tena?"

Plagi iliyokuwa ukutani ilikuwa mpya mno kwa friza kuukuu. Dorotea aliinama nyuma yake, akafuta vumbi kwenye kibao cha bati. Volti 115. Hezi 60. Ampea 5.

Aliufuata waya wa friza kwa macho. Haukufika kwenye plagi ile ya ukutani. Ulizama chini ya gunia.

"Mama, acha kupekua!" Burito alifoka.

Dorotea aliliinua gunia. Kilichokuwa chini yake ni kisanduku cha chuma, na harufu ya rangi inayoungua. Alikigusa, akauondoa mkono haraka.

"Hicho nawapa bure," Burito alisema upesi. "Kinapunguza umeme wetu uifae friza."

"Kimeandikwa wati mia tatu," Dorotea alisema. "Mia moja kumi na tano mara tano ni mia tano sabini na tano. Kinabeba karibu mara mbili ya uwezo wake."

"Nitawatafutia kikubwa!"

"Kikubwa kitapunguza volti tu. Hezi, yaani mapigo ya umeme, zitabaki hamsini za kwetu. Mota hii imetengenezewa sitini. Itazunguka polepole, itachemka, siku moja itanyamaza. Na samaki ndani."

"Mwanamke huyu ni mganga wa friza?" Burito alicheka, lakini mkono wake ulikwenda kwenye swichi kuizima.

Nje gari lilipiga honi. Mseti alishika mfuko wa koti lake, palipokuwa na fahali wake mzima. Dorotea alijua kwamba Mseti akilipa, yeye hatamzuia. Ng'ombe alikuwa wake, na mchumba alikuwa wake.

"Shemeji," alisema Mseti. "Nyumbani nitasema nini? Padri tumeshamwita aje kuibariki."

Dorotea alisogea, akamwachia nafasi nyuma ya friza.

Mseti alipiga goti, akaweka kidole kwenye kibao, akakisoma mwenyewe kama mtu anayetafuta jina la marehemu wake. Kisha akaiendea friza ndogo yenye kutu pembeni, akaigeuza kwa bega.

"Mia mbili ishirini mpaka mia mbili arobaini," alisoma taratibu. "Hamsini." Akamtazama Burito. "Hii chomeka ukutani. Ukutani, baba, siyo kwenye gunia."